Mkopo wa benki 16%, mtambo unalipa 17.5%, mshauri anasema ni hasara. Nani kakosea hesabu?

#1 Kreti Tupu

Wakuu, salaam. Niko idara ya fedha kwenye kiwanda cha sabuni hapa Dar. Hisa zetu ziko sokoni, ila jina silitaji na tarakimu nimezisogeza kidogo, kwa hiyo msihangaike kunitafuta.

Bosi anataka mtambo mpya wa kufungasha wa bilioni 3. Fedha yote itatoka benki kwa riba ya 16%. Mtambo utaongeza milioni 750 kwa mwaka kabla ya riba na kodi. Ukitoa kodi ya kampuni ya 30% zinabaki milioni 525, yaani 17.5% ya bilioni 3. Tuchukulie fedha ya uchakavu yote inarudi kwenye matengenezo, hivyo milioni 525 zinaingia kila mwaka bila kikomo.

Sasa kasheshe. Bosi kwenye eksel yake anapata faida ya bilioni 1.2 juu ya gharama ya mtambo. Mimi nikitumia mizania napata faida ya milioni 317. Mshauri tuliyemlipa anasema tutapoteza milioni 280. Mtambo mmoja, majibu matatu.

Mizania inasema deni la benki ni bilioni 8 na mtaji wa wanahisa bilioni 6. Hisa ziko milioni 20, bei ya mwisho sokoni shilingi 1,200. Gharama ya mtaji wa wanahisa wote tumetumia 22%. Nisaidieni, Jumatatu kuna kikao.

#2 Jicho Kavu

Mbona rahisi. Riba 16%, ukiilipa kodi inapungua, kwa hiyo mkopo unakugharimu 11.2%. Mtambo unalipa 17.5%. Kuna hasara gani hapo? Gawa 525 kwa 0.112 upate bilioni 4.69. Mshauri anatafuta mkataba wa pili huyo.

#3 Mzee wa Kariakoo

Nimekaa pale na kahawa yangu.

#4 Bibi Leja

Kreti Tupu, kabla hatujamsulubu mtu, tuwekee hesabu ya bosi hatua kwa hatua. Hiyo bilioni 1.2 naishuku.

#5 Kreti Tupu

Shikamoo Bibi. Bosi kachukua 750, akatoa riba ya mkopo mpya 480, ikabaki 270. Kodi ya 30% ya 270 ni 81. Kisha kasema fedha inayoingia ni 750 kutoa 81, yaani milioni 669. Halafu kaigawa kwa gharama ya wastani ya mtaji kwa uzito wa mizania, ambayo ni 15.83%. Inakuja bilioni 4.226. Toa bilioni 3.

#6 Bibi Leja

Marahaba. Basi kosa la bosi tumelipata. Kaihesabu nafuu ya kodi ya riba ile ile mara mbili.

Angalia: ile 15.83% ilipatikanaje? Riba ya 16% ilishapunguzwa kuwa 11.2% kwa sababu ya kodi. Nafuu ya kodi tayari imo ndani ya kigawanyo. Sasa bosi kaenda tena juu, kwenye fedha inayoingia, akapunguza kodi kutoka 225 hadi 81 kwa sababu ya riba ile ile. Hiyo tofauti ya milioni 144 kwa mwaka ni asilimia 30 ya 480, ndiyo nafuu yenyewe, na kaihesabu mara ya pili.

Chagua sehemu moja. Ukitumia gharama ya wastani iliyokwisha kupunguzwa kodi, basi kodi ya mradi ihesabu kana kwamba kampuni haina deni hata senti: 750 toa 225, inabaki 525. Nafuu ya riba iache ikae kwenye kigawanyo peke yake.

Namna ya kulitambua ukipewa faili la mtu: tafuta mstari wa riba juu ya mstari wa kodi. Ukiuona, na chini kuna 11.2%, funga faili urudishe.

#7 Jicho Kavu

Sawa, bosi kapigwa. Lakini 525 yangu ni safi, na 11.2% yangu ni safi. Mbona hunijibu?

#8 Duka la Kona

Samahani wakuu, mimi si msomi. Nina duka la vipodozi Mbagala na mkopo wa milioni 10 kwa riba ya 20% kwa mwaka. Kwa mujibu wa huu uzi, kumbe mkopo wangu ni 14%? Nimefurahi sana.

#9 Bibi Leja

Duka la Kona, usifurahi bado. Unalipa kodi gani? Ile ya makadirio inayotazama mauzo ya mwaka?

#10 Duka la Kona

Ndiyo, ya makadirio. Mauzo hayafiki milioni 100.

#11 Bibi Leja

Basi mkopo wako ni 20% kavu. Kodi yako inakatwa kwenye mauzo, TRA hawaulizi ulilipa riba kiasi gani. Ukiwa na mkopo au ukiwa huna, kodi ni ile ile. Nafuu ni ya mwenye vitabu anayelipa kodi juu ya faida.

Na hata mwenye vitabu, lazima faida iwepo. Kampuni iliyo kwenye hasara haipelekewi fedha taslimu kwa sababu imelipa riba. Hasara inasogezwa mbele ipunguze faida ya miaka ijayo, kama itakuja. Nafuu utakayoipata baada ya miaka minne si sawa na ya leo, na kwa kampuni ambayo faida haijulikani itarudi lini, ni kujidanganya kuandika 11.2% kwenye eksel.

#12 Duka la Kona

Furaha imeisha. Asante lakini.

#13 Chizi wa Hisa

Turudi kwa mleta uzi. Bosi kashaondoka, zimebaki hesabu mbili: ya kwako na ya mshauri. Zote zina 525 juu. Zinatofautiana uzito tu.

```
Mizania:  8/14 x 11.2% + 6/14  x 22% = 15.83%
Soko:     8/32 x 11.2% + 24/32 x 22% = 19.3%
```

Bilioni 24 ni hisa milioni 20 mara 1,200. Gawa 525 kwa 15.83% unapata bilioni 3.317. Gawa kwa 19.3% unapata bilioni 2.72. Ndiyo hiyo faida ya milioni 317 na hasara ya milioni 280.

Mimi niko na mshauri. Ile bilioni 6 ya mizania ni nini? Ni fedha waliyochangia waanzilishi enzi hizo, ongeza faida zisizogawiwa, toa uchakavu. Ni historia. Mwanahisa wa leo anaweza kuuza hisa yake 1,200 akaweka fedha kwingine. Akiiacha kwenu, kaacha 1,200, hajaacha 300. Ile 22% anaidai juu ya 1,200.

Jaribu hivi: kwa mizania kila hisa ina thamani ya shilingi 300. Mwambie mwanahisa mmoja akuuzie kwa bei hiyo uone.

#14 Kreti Tupu

Hii ya 300 imenigusa. Lakini mhasibu mkuu anasema mizania imekaguliwa, bei ya soko haijakaguliwa na mtu.

#15 Jicho Kavu

Mhasibu mkuu kasema kweli. Soko letu hili jamani? Kuna hisa pale DSE zinapitisha wiki bila kuguswa. Bei ya 1,200 inawezekana ni ya mtu mmoja aliyeuza hisa mia mbili apate ada ya shule. Leo unachukua bei hiyo unazidisha kwa hisa milioni 20 unaita bilioni 24. Jaribu kuziuza zote uone kama utaipata hata nusu.

#16 Chizi wa Hisa

Hapo una hoja, sikatai. Lakini ugonjwa huo hautibiwi kwa kurudi kwenye 300. Hata bei halisi ikiwa 900, hisa zina thamani ya bilioni 18, deni ni 8 kati ya 26, na gharama ya wastani inakuwa kama 18.7%. Bado mtambo haufiki. Ili 17.5% ipite kwa hesabu hiyo, bei ingebidi ishuke hadi karibu 560. Je, kuna mtu hapo kiwandani anaamini hisa ni 560?

#17 Mama Ubao

Mimi nafundisha somo hili. Naomba niongeze kwamba deni nalo lina bei ya soko. Mkopo wa zamani mlioupata kwa 13% wakati leo benki inataka 16%, thamani yake si ile iliyoandikwa. Kreti Tupu, hiyo bilioni 8 mnalipa ngapi?

#18 Kreti Tupu

Riba yake inabadilika na soko, sasa hivi ni 16% kama huo mpya.

#19 Mama Ubao

Basi bilioni 8 ni bilioni 8, endeleeni. Ingekuwa riba ya kudumu ya 13% na muda mrefu umebaki, mngeishusha kidogo, na kwenye hesabu mngeweka 16% ya leo. Watu wengi wanagawa riba waliyolipa mwaka jana kwa deni wanapata 13%, wanajiona wajanja. Mtambo mpya hautanunuliwa kwa riba ya mwaka jana.

#20 Mpemba wa Maskati

Assalaam aleikum. Huku Oman kodi ya kampuni ni 15%, basi huo mkopo wa 16% ungekuwa 13.6%. Nafuu ni nusu ya ya kwenu. Ndo maana nacheka nikiona watu wanahamisha faili la Dar na 0.7 yake kuja nalo Maskati.

Lakini swali langu: hapa riba iko chini sana. Kreti Tupu akikopa huku kwa riali, si mtambo utapita kirahisi?

#21 Bibi Leja

Waaleikum salaam. Usichanganye fedha mbili. Milioni 525 zake ni shilingi. Riali imefungwa kwenye dola, shilingi haijafungwa. Akikopa riali atailipa kwa shilingi anazouzia sabuni, na shilingi ikishuka deni linapanda bila yeye kukopa zaidi. Kigawanyo cha riali kinataka fedha inayoingia ya riali. La sivyo kila kiwanda cha Afrika Mashariki kingekuwa na mtambo mpya kwenye karatasi.

#22 Mpemba wa Maskati

Ahsante Bibi. Nilikuwa nachokoza.

#23 Jicho Kavu

Nimesubiri vya kutosha. Uzito wa soko, uzito wa mizania, yote hayo ni ya deni la zamani. Mtambo huu unanunuliwa kwa mkopo asilimia mia. Mwanahisa hatoi hata shilingi. Kwa nini nimlipe 22% kwenye mradi ambao hajachangia?

#24 Bibi Leja

Jicho Kavu, sasa umefika penyewe, na ndipo wengi wanapoteleza, mabosi wakiwa mbele.

Benki inakupa bilioni 3 kwa 16% kwa nini? Si kwa sababu ya mtambo peke yake. Nyuma yake kuna bilioni 24 za wanahisa zinazobeba hasara kabla benki haijaguswa. Ungeenda na mtambo mtupu, bila kiwanda, ungepewa 16%? Ungeonyeshwa mlango. Kwa hiyo mwanahisa kachangia: kaweka mgongo. Na mwakani ukitaka kununua lori, benki itakwambia umeshajaa, leta mtaji. Lori litapimwa kwa 22% na kukataliwa hata likiwa zuri kuliko mtambo, kwa sababu tu limekuja la pili.

Tuihesabu. Kwa hali ya sasa, deni 8 kwa hisa 24, mwanahisa anadai 22%. Kampuni hiyo hiyo ingekuwa haina deni kabisa angedai kama 20.9%. Mkiongeza bilioni 3, deni linakuwa 11 kwa 24, na yeye anaona riba inakula kabla yake, anapandisha dai hadi karibu 22.4%.

```
11/35 x 11.2% + 24/35 x 22.4% = 18.9%
```

Ile nafuu ya kodi ya mkopo wote mpya imeishusha gharama ya wastani kutoka 19.3% hadi 18.9%. Ndiyo faida yote ya kukopa. Mtambo bado ni 17.5%.

#25 Mzee wa Kariakoo

Kahawa imepoa. Jicho Kavu bado yupo?

#26 Jicho Kavu

Nipo. Hiyo 20.9% umeitoa wapi? Mfukoni?

#27 Mama Ubao

Nimjibie Bibi. Ni njia ya Modigliani na Miller. Mwaka 1958 walisema bila kodi haijalishi umekopa kiasi gani, kisha 1963 wakajisahihisha wakaingiza kodi. Kwa njia yao, sehemu ya gharama inayoshuka ni kiwango cha kodi mara sehemu ya deni. Chukua 20.87%, punguza asilimia 30 ya robo, unarudi 19.3% ya Chizi wa Hisa.

Ila njia hiyo inachukulia deni ni kiasi kile kile milele. Kama kampuni inarekebisha deni kila mwaka kufuata thamani yake, nafuu yenyewe inayumba na biashara, na inabidi ipewe thamani ndogo zaidi. Miles na Ezzell waliandika hilo 1980. Darasani tunabishana kila muhula.

#28 Chizi wa Hisa

Na kwa njia hiyo hiyo unaweza kuona kwa nini 15.83% haiwezi kuwepo popote. Inachukua deni la 57% na kumwachia mwanahisa 22% ile ile. Kampuni yenye deni la 57% kweli, mwanahisa angedai kama 25.4%, na gharama ya wastani ingekuwa 17.3%. Mhasibu mkuu kachanganya uzito wa kampuni moja na dai la mwanahisa wa kampuni nyingine.

#29 Jicho Kavu

Haa! 17.3% iko chini ya 17.5%. Kwa hiyo wakikopa hadi 57% mtambo unapita. Nimeshinda.

#30 Bibi Leja

Umeshinda ikiwa benki itakaa kwenye 16% wakati deni limezidi nusu ya thamani ya kampuni. Haitakaa. Na kama sehemu kubwa ya kampuni iko mikononi mwa wageni, kuna suala lingine: kampuni ambayo robo yake au zaidi iko kwa wasio wakazi, riba ya deni linalozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji haikubaliwi kupunguza kodi. Kwa bilioni 6 za mtaji ukomo ungekuwa bilioni 14, basi 11 inapita. Lakini kukopa hadi 57% ya thamani ya soko ni zaidi ya bilioni 18. Hapo deni linalozidi linabaki na 16% yake nzima.

#31 Jicho Kavu

Mnabadilisha goli kila nikipiga. Ila 57% nilisema ya mizania, na mizania tayari ina 57%, na benki haijalalamika.

#32 Kisiki

Mimi niliwahi kukaa upande wa benki. Afisa mikopo anaangalia mizania, kweli, lakini anaangalia zaidi kama faida inafunika riba mara ngapi na dhamana ipo. Kwa hiyo Jicho Kavu hajapotea kabisa: benki kwetu inakopesha kwa mizania, si kwa bei ya hisa. Uzito unaotakiwa kwenye hesabu, kwa maoni yangu, ni ule ambao kampuni inalenga kukaa nao miaka ijayo. Bei ya leo na mizania ya jana vyote ni dalili tu. Bodi ikisema tunalenga deni la theluthi moja, tumia theluthi.

#33 Chizi wa Hisa

Theluthi ya nini? Ya soko au ya mizania? Umeturudisha kule kule.

#34 Kisiki

Ya soko. Ila bodi ngapi zinalijua hilo.

#35 Mwanafunzi Mzee

Nauliza taratibu: hiyo 22% wote mmeikubali kama ilishuka kutoka mbinguni. Mimi ningechukua hati fungani ya serikali ya miaka 25, ile ya 2021 ilikuwa na kuponi ya 15.95%, nikaongeza kidogo. Inafika ngapi?

#36 Mama Ubao

Kuponi ya 2021 si unayoipata leo ukinunua, angalia mavuno ya sasa sokoni. Zaidi ya hapo umeanza vizuri. Shida ni hicho "kidogo". Vitabu vinasema pima jinsi hisa inavyotikisika na soko zima. Kwa hisa isiyouzwa wiki tatu, bei haitikisiki, hesabu inakwambia haina hatari, na unapata gharama ya mtaji wa wanahisa ya 14%. Yaani mwanahisa anayelipwa mwisho anadai pungufu kuliko benki inayolipwa kwanza kwa 16%. Ukiona hivyo, ujue kipimo kimekufa. Wengine wanachukua kipimo cha kampuni za biashara kama hiyo kwenye masoko yenye pilika, wanakirekebisha kwa deni. Wengine wanachukua riba ya benki wanaongeza pointi tano au sita. Ya pili haina nadharia, lakini haileti upuuzi.

#37 Kreti Tupu

Hiyo ya pili ndiyo tuliyotumia: 16 jumlisha 6. Mshauri alikuwa na kurasa kumi na nne za maelezo, mwisho akaandika 22% hiyo hiyo.

#38 Mzee wa Kariakoo

Kurasa kumi na nne, na ankara yake sijui ngapi.

#39 Jicho Kavu

Kwa hiyo ikiwa pointi nne badala ya sita, mwanahisa anadai 20%, kwa uzito wa soko inakuwa 17.8%. Kosa la pointi mbili kwenye namba ya kukisia linakula karibu hasara yote. Na ninyi mnamkatalia bosi mtambo kwa tofauti hiyo?

#40 Bibi Leja

Hilo ni pigo halali, na ndiyo maana nisingepeleka namba moja kwenye kikao. Ningepeleka jedwali: 20%, 22%, 24% upande mmoja, bei ya 900 na 1,200 upande mwingine. Ukiwa na 20% na bei ya 900, inakuja 17.3%, mtambo unapita kwa nywele. Kona nyingine zote unakwama. Bodi iangalie yenyewe.

#41 Kreti Tupu

Nimemwonyesha bosi jedwali leo asubuhi. Bilioni 1.2 kaiacha bila ugomvi. Sasa anasema mtambo utaleta milioni 820 badala ya 750, kwa sababu alisahau kuhesabu sabuni za vipande.

#42 Chizi wa Hisa

Asilimia 70 ya 820 ni 574. Gawa kwa 3,000 ni 19.1%. Bosi wako kasoma huu uzi, akasimama pale pale juu ya 18.9% ya Bibi.

#43 Bibi Leja

Mwombe oda za sabuni za vipande za miezi sita iliyopita.